Nywele za Jeanne

Ininahazwe alikuwa msusi miaka sita kabla ya kuhamia studio ya picha nyuma ya soko la Kasulu, na majivuno ya ususi hakuyaacha saluni. Kichwa cha mtu, alisema, hakimpigi chenga.

Siku hiyo kilimpiga. Mama Esteri alitoka Kumsenga asubuhi na picha moja kwenye simu. Bintiye Jeanne, marehemu, alipigwa picha hiyo mlimani siku ya upepo, nywele zake za dawa zimetimka, nyingine zimesimama hewani. Kesho ilikuwa siku ya kumaliza msiba, na picha nyingine hawakuwa nayo; alitaka nywele zilazwe. Basi la Kibondo, la kumrudisha nyumbani, lingeondoka saa nane. Sasa ilikuwa saa saba na robo.

Ininahazwe akafanya haraka ya kijinga: akazitia ukungu nywele zote kwa kompyuta.

"Yooo!" Mama Esteri akashika mdomo. "Umemvika sufuria! Huyu si mwanangu."

Kweli. Nywele zilikuwa donge moja, na ukungu umemwagikia paji la uso. Ininahazwe aliona aibu ikimchoma masikio. Akafuta kazi yote, akaomba tu umeme usikatike.

Akafungua safu mpya ya kuchorea juu ya picha. Vinywele vilivyoruka nje akavifunika kwa anga iliyochukuliwa pale pale jirani. Kisha akashika kalamu ya kuchorea juu ya kioo, akachagua brashi nyembamba, akanyonya rangi kutoka kwenye nywele zenyewe, nyeusi hapa, kahawia palipopiga jua, akachora unywele mmoja mmoja, kuanzia shinani, ncha ikiishia kwa wembamba. Juu ya vurugu pakaanza kulala nywele.

"Saa saba na nusu," akasema mama.

"Nakwenda, mama."

Akazilaza zote nyuma, kisaluni. Mama Esteri akasogea, pumzi yake ikagusa shingo ya Ininahazwe.

"Hapana, binti. Hapa mbele zilikuwa zinaelekea kushoto. Miaka kumi na tisa nimezichana, zimenishinda."

Ininahazwe akavuta picha karibu. Kumbe! Chini ya vurugu mashina yalielekea kushoto, hakuyatazama. Msusi gani huyu? Akafuta, akamwambia, "Nionyeshe unapoanzia kitana."

Kidole cha mama kikatembea juu ya kioo, polepole, na kalamu ikakifuata. Nje honi ya basi ikalia mara mbili.

Mashine ikatoa picha saa nane kasoro dakika tano. Mama Esteri aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama mpaka Ininahazwe akaogopa. Halafu akalamba kiganja, kama afanyavyo mama anayelaza nywele za mtoto mlangoni mwa kanisa, akakipeleka kwenye nywele za picha. Kikasimama hewani, hakikugusa.

"Zimelala," akaiambia picha, machozi yakimtoka. "Haya mama, twende nyumbani."