Barua Pepe ya Fundi Viti

Fundi viti alikuwa hodari wa sindano na nyundo, lakini barua pepe yake ya kwanza ya kuomba kazi kwa meneja wa zahanati ilijaa maisha yake yote tangu uanagenzi. Binti yake, karani wa ofisi, aliisoma pale karakanani akacheka.

"Baba, meneja atasinzia kabla hujamfikia. Anza na yeye. Uliona nini kule zahanati?"

"Viti vya wagonjwa vimechanika. Mama mmoja alisimama muda wote, mtoto mgongoni."

"Basi hiyo ndiyo aya ya kwanza."

Ya pili ilieleza kwamba angevifunika upya kwa ngozi bandia isiyoshika uchafu, siku za Jumapili zahanati ikiwa imefungwa, kama alivyofanya katika shule jirani. Ya tatu iliomba jambo moja tu: dakika kumi Jumanne, saa nne asubuhi, aonyeshe sampuli.

"Na miaka yangu thelathini ya ufundi?" mzee aliuliza kinyonge.

"Iweke chini ya jina lako, baba yangu. Inapendeza hapo."

Kesho yake meneja alijibu: "Karibu Jumanne. Yule mama nilimwona hata mimi." Fundi akampigia simu binti yake, akamsomea jibu hilo mara tatu.