Sufuri ya Mkwiro

Ripoti ilinifikia Jumatatu asubuhi ikiwa imepangwa vizuri mno, na hilo ndilo lililonikera kwanza. Miaka yote niliyoshika takwimu za shirika letu dogo pale Ukunda, sikuwahi kuona ripoti ya boti ya wajawazito isiyo na doa. Boti hiyo huwavusha kina mama kutoka Mkwiro, kule mwisho wa kisiwa cha Wasini, wakajifungulie ng'ambo kwenye daktari. Karatasi zake hufika zimelowa chumvi, miezi imerukwa, miandiko haisomeki. Hii ilikuwa safi kama sahani ya mgeni.

Mkubwa wangu, kijana wa Nairobi, alikuwa ameilisha programu ya akili bandia majedwali yetu na kuiambia iandike.

"Imemaliza within dakika mbili," alisema. "Wewe confirm tu hizo figures. Funder anaitaka Ijumaa."

Mimi nina njia yangu ya kuhakiki, na wenzangu huicheka. Naichapisha ripoti, nachukua kalamu nyekundu, na ubavuni mwa kila nambari naandika ilikotoka: faili gani, jedwali gani, mstari gani. Nikiiona kwenye chanzo naweka vema. Ikitofautiana na chanzo naizungushia duara. Ikikosa kwao, yaani haina chanzo popote, napiga mkasi, ile alama ya X. Kufika adhuhuri karatasi ilikuwa imejaa mikasi. Kulikuwa na asilimia ya kina mama walioridhika na huduma, ilhali hatujawahi kumuuliza mama yeyote kama ameridhika. Kulikuwa na utafiti uliotajwa kwa jina na mwaka. Niliutafuta kila mahali, sikuuona. Nikaiuliza programu yenyewe imeupata wapi. Ikaniomba radhi kwa adabu kubwa, kisha ikanipa utafiti mwingine, nao pia haupo. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Kicheko kilikatika ukurasa wa mwisho. Paliandikwa kwamba idadi ya watoto waliofariki safarini au mara tu baada ya kuzaliwa ni sufuri. Chini yake, kwa lugha tamu, palipendekezwa kwamba kwa kuwa lengo limetimia Mkwiro, boti ihamishiwe kwingine.

Nikafungua jedwali letu. Safu ya hali ya mtoto ilikuwa na neno "hai" karibu mistari yote. Mistari sita, hapo palikuwa patupu. Programu haikuona kifo kilichoandikwa, basi ikasema hakuna kifo. Karani wa wiki ya kwanza anajua kwamba patupu na sufuri si kitu kimoja. Lakini nitailaumu vipi mashine? Mistari ile niliipiga mimi, kwa vidole hivi, kutoka kwenye daftari la mhudumu wa afya wa kijiji. Nilidhani amesahau kujaza, nikasema nitampigia simu. Sikumpigia. Tangu saa ile nikawa nayaona yale mapengo hata nikifumba macho.

Kesho yake nikavuka kwenda Mkwiro. Mhudumu ni mama wa makamo, ndiye anayeita boti na kuandika kila safari kwenye buku lake la kaunta.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja mwenyewe, kuna nini?"

Nikamfungulia jedwali, nikamwonyesha mapengo. Nilikuwa nimejiandaa kumkumbusha kwa upole umuhimu wa kujaza kila safu. Alivaa miwani, akatazama kwa muda, kisha akaivua.

"Hao hawakuishi," alisema. "Mtoto hajafika siku saba, hajapewa jina. Nitamwandikaje mauti mtu asiye na jina? Namwachia pahali pake."

"Kila palipo wazi?"

"Kila palipo wazi. Mimi nilidhani mwajua."

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Hakuna aliyemfundisha vingine, na mimi niliyepaswa kuuliza sikuuliza. Hasira yote ikanirudia mwenyewe.

Hata hivyo, nambari haiandikwi kwa neno la mtu mmoja. Huenda pengo mojawapo lilikuwa usahaulifu kweli. Nikanakili tarehe za safari zile sita na umri wa kila mama, nikaomba barua ya ruhusa, na Jumatano nikaketi hospitalini ng'ambo na rejista ya wodi ya wazazi, nikilinganisha mstari kwa mstari. Wa kwanza nikampata. Wa pili nikampata. Kila nilipompata mmoja moyo ulinipanda kwa furaha ya kazi kwenda sawa, kisha nikasoma kilichoandikwa mbele yake, nikajionea haya. Niliwapata watano. Wawili walizaliwa wafu, watatu walifariki siku hiyo hiyo. Wa sita hakuwemo, wala siku ile, wala siku ya mbele na ya nyuma yake.

Alhamisi nikamweleza mkubwa wangu. Alisugua paji la uso.

"Si tuweke watano, halafu huyo mmoja tuseme data missing?"

"Ile sufuri ilianza hivyo hivyo," nilimjibu, na sauti yangu ilikuwa kali kuliko cheo changu. "Kila mtu aliona pengo, akapita."

Nilingoja anifokee. Akasema, "Sawa. Enda umalize. Funder nitamwambia Monday."

Niseme hapa hapa kwamba boti haikuhamishwa. Ripoti ilikwenda na nambari zilizo na kwao tu, na zote zilizopigwa mkasi zikatolewa. Aya ya kuhamisha boti ilifutwa, na mahali pake tukaeleza jinsi tulivyokosea. Mhudumu naye tulimwekea alama ya kutia kwenye pengo, alama aliyoichagua mwenyewe. Watu walinipongeza, wakaniona hodari. Nilizipokea pongezi kama mtu aliyevishwa nguo ya mwenzake.

Kwa sababu Ijumaa ile, baada ya swala, mhudumu alinipeleka kwa yule mama wa sita. Msichana mdogo bado, ishirini na kidogo, alikuwa akipeta mchele uani. Alitukaribisha, akatuletea mkeka. Mhudumu akamweleza mimi ni nani. Nikampa pole, nikamwambia anaweza kukataa kunijibu. Akasema niulize.

Aliniambia uchungu ulimshika ghafla, na mtoto alitoka botini kabla hawajafika ng'ambo. Waliposhuka mtoto hakuwa hai, na hapakuwa na haja ya kwenda hospitali tena. Yeye mwenyewe alikuwa mzima. Wakarudi na mtoto, wakamzika kisiwani jioni ile. Ndiyo maana rejista haikumjua.

Ikabaki safu moja ya fomu yetu. Fomu hutaka kujua kama mtoto alizaliwa mfu, au alizaliwa hai kisha akafariki, maana ni nambari mbili tofauti. Nilikuwa nimeipitia mara nyingi mezani bila kufikiri. Pale mkekani niliisoma mara mbili kabla ya kuuliza.

"Samahani, dada. Alipotoka, alilia?"

Akaacha ungo. Nilifikiri nimemkosea, nikaanza kuomba radhi.

"Alilia," alisema. "Mara moja. Mama mkwe yuaniambia nilisikia injini. Watu wote waniambia ni injini." Akanitazama. "Hajapata mtu kuniuliza."

Mhudumu alikuwa amegeuza uso ukutani. Mimi machozi yalinitoka na sikuyazuia.

"Sasa yuaandikwa?" akauliza.

"Anaandikwa."

Akasogea ubavuni mwangu aone. Nikashusha kalamu kwenye safu ya waliozaliwa hai wakafariki, nikaandika moja.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

Akaweka kidole juu ya ile nambari. Nilikuwa bado sijaandika tarehe, na mahali pa tarehe palikuwa chini ya mkono wake. Nikangoja. Hakuuondoa.