Barua Pepe ya Ijumaa Saa Sita

Bosi wangu ni mtu wa maneno laini mpaka aguse kompyuta. Asubuhi anakukuta getini, anakusalimu kwa Kinyamwezi, anauliza mguu wa mama unaendeleaje na kama mvua imeshafika kwenu. Akishakaa mbele ya kioo anageuka askari: herufi kubwa, alama za mshangao tatu tatu, vitisho. Tangu nianze kazi kwenye ofisi yetu ndogo ya mradi wa nyuki hapa Tabora, upande wa Kitete, nimekuwa na kazi moja isiyoandikwa kwenye mkataba. Barua pepe zake kwa wafanyakazi hupitia kwangu kwanza. "Mwanangu, nipigie pasi hii," husema. Anamaanisha nirekebishe tahajia. Mimi hunyoosha hadi kola.

Ya siku ile ilikuwa imekunjamana vibaya. Naikumbuka yote:

"MAAFISA WA VITUO WOTE. NIMECHOKA NA UZEMBE WENU!!! Kila mwezi ripoti zinachelewa. Mnanidhalilisha mbele ya makao makuu, na HASA wewe wa Ulyankulu. Kama kazi imewashinda semeni, wenye vyeti wamejaa mtaani. Ripoti zote Ijumaa saa sita mchana. SITAKI VISINGIZIO!!!"

Nilisoma mpaka "hasa wewe wa Ulyankulu" nikaacha kusoma.

Afisa wetu wa Ulyankulu nilikuwa nampenda. Hilo naliandika waziwazi kwa sababu ofisini sikuwahi kulisema hata kwa jicho, na kulificha hapa pia itakuwa ujinga. Alizaliwa kule kule Ulyankulu, katika mojawapo ya familia zilizotoka Burundi zamani, na alikuwa na utulivu ambao sisi wenye midomo ya haraka hatukujaliwa. Hajaoa, hilo nilihakikisha mapema. Yeye ni Mkatoliki, mimi ni Mmoraviani wa kwaya, na mama yangu alikuwa na maoni yake kuhusu jambo hilo kabla hata halijawa jambo. Aliniita dada, na neno lenyewe, zuri kama lilivyo, lilinikera.

Ripoti yake ilichelewa kila mwezi, na kila ilipochelewa aliileta mwenyewe. Wa Igalula na wa Urambo wakichelewa walituma kwa simu, wakaongeza na samahani moja fupi. Yeye alipanda basi, akameza vumbi la njia nzima, akaingia ofisini na makaratasi yake ndani ya mfuko wa nailoni. "Kwetu aliyechelewa huja mwenyewe," aliniambia. "Samahani haitumwi." Tuliketi pamoja, yeye akisoma takwimu za vikundi vya wafugaji nyuki, mimi nikiziingiza kwenye kompyuta: mizinga mingapi ina makundi ya nyuki, asali kilo ngapi, nta kiasi gani. Kisha tulikunywa chai na matobolwa aliyokuja nayo, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, matamu mpaka unasahau meno yako. Halafu aliwahi basi la kurudi. Mwezi wangu mzima ulikuwa umeegemea alasiri hiyo moja.

Lakini mara ya mwisho alipokuja hakugusa chai. Mwezi uliotangulia bosi alikuwa amemtaja mbele ya wote katika barua nyingine, nikiwa likizo, na hakuna aliyeipiga pasi. "Dada," alisema, "kusemwa si tatizo, nimekosa. Lakini nikisomwa tena mbele ya wenzangu namna ile, naacha kazi. Nitakwenda Kigoma kwa kaka yangu." Hakuwa mtu wa kutishia. Alisema kama mtu anayekueleza basi linaondoka saa ngapi.

Kwa hiyo pale nilipoketi na ile barua nilikuwa na kazi mbili, moja ya bosi na moja ya moyo wangu, na nikaifanya ya moyo kwanza. Niliandika hivi: "Ndugu zetu wapendwa, tunawashukuru sana kwa juhudi zenu. Kumekuwa na changamoto ndogo za hapa na pale katika uwasilishaji wa taarifa. Tunaomba, kadiri itakavyowezekana, tujitahidi kuwahi. Mungu awabariki."

Bosi aliisoma akiwa amesimama. Akavua miwani.

"Hii ni kadi ya mwaliko wa harusi," akasema. "Ijumaa yangu iko wapi?"

"Mzee, nimepunguza ukali."

"Umepunguza ukali, ukapunguza na kazi. Mtu akisoma hii atajua amechelewa? Atajua nani anatakiwa kufanya nini, lini? 'Kumekuwa na changamoto.' Zimekuja zenyewe, zikakaa?"

Nilikasirika. Nikatoka nje, nikasimama karibu na mizinga ya maonyesho ambayo nyuki wamekataa kuingia hadi leo, nikamnung'unikia kimoyomoyo. Ubaya ni kwamba alikuwa sahihi. Maombi ya mizinga ya msimu ujao yalikuwa yaondoke Ijumaa ile ile kwenda makao makuu, na kituo kisicho na ripoti hakipewi kitu. Mtu wangu asingeumizwa na matusi tu. Hata upole wangu ungemuumiza. Angesoma "kadiri itakavyowezekana", angekuja Jumatatu na mfuko wake wa nailoni, na wafugaji nyuki wake wangekosa mizinga. Hapo angekwenda Kigoma bila hata kusemwa na mtu.

Nilirudi ndani nikamwambia bosi, "Ijumaa yako nitaiweka hadi kwenye kichwa cha habari. Adhabu nayo itakaa wazi. Ila matusi yanatoka, na jina la kituo cha mtu halisomwi mbele ya wote."

"Na huyo wa Ulyankulu? Anasamehewa?"

"Mpigie simu, mzee. Mdomo wako ni mpole kuliko vidole vyako."

Nikadhani nimeshaachishwa kazi. Kisha akacheka, akavaa miwani. "Andika," akasema.

Nikaandika, kichwa cha habari kikiwa "Ripoti za mwezi: mwisho ni Ijumaa hii saa sita mchana":

"Ndugu maafisa, habari za kazi. Mwezi uliopita ripoti tatu kati ya nne zilifika baada ya tarehe tuliyokubaliana, na si mara ya kwanza. Kwa sababu hiyo tulipeleka makao makuu taarifa yenye mapengo, nami nikashindwa kuyaeleza.

Ripoti za mwezi huu zinifikie Ijumaa hii, kabla ya saa sita kamili mchana. Alasiri hiyo maombi ya mizinga yanaondoka, na kituo ambacho ripoti yake haijafika hakitakuwamo. Tarehe hii haitasogezwa.

Kila mmoja wenu anawajibika kwa ripoti ya kituo chake. Kama kuna kinachokukwamisha, niandikie kabla ya Jumatano jioni, nami nitakujibu siku hiyo hiyo. Najua mnavyozunguka vijijini, na ndiyo maana sitaki kazi yenu ikose kuonekana. Asanteni."

Alibadilisha neno moja tu. Palipoandikwa "hakitakuwamo" aliandika "hakitaingizwa", akasema lile langu lilisikika kana kwamba kituo kimesafiri. Halafu akaituma. Akachukua simu, akampigia wa Ulyankulu, nami nikajifanya natafuta faili. Aliuliza mvua, akauliza wazazi, akauliza mahindi. Kisha akasema taratibu, "Kijana wangu, wewe ndiye unayechelewa kuliko wote, na bila ripoti yako Ijumaa sina la kukusaidia. Sasa niambie, kinachokukwamisha ni nini?" Upande wa pili ulianza kujieleza, ukaishia njiani. "Haya, niandikie," bosi akasema.

Jibu lilikuja Jumanne, refu, la heshima, nakala kwangu. Kumbe ripoti ilikuwa tayari kila mwezi kwa wakati. Ilichokuwa inasubiri ni sahihi. Wenyeviti wa vikundi hukutana Jumapili ya mwisho baada ya misa, ndipo hutia sahihi, na wengine dole gumba. Kwake, kupeleka hesabu za wazee hao kabla hawajaziona na kuziridhia ilikuwa ni kuwasemea bila ruhusa. Kila mwezi Ijumaa ilipita kwa sababu ya heshima hiyo, Jumatatu akapanda basi. Aliwahi kuulizwa kwa nini amechelewa? Mara nyingi. Lakini kila mara aliulizwa kwa namna isiyotaka jibu, akaona kujieleza kutakuwa kisingizio.

Bosi alisoma, akasema, "Mjibu. Wewe unajua mambo haya ya mifumo."

Kweli nilijua. Dawa yake niliiona hata kabla sijamaliza kusoma, ilikuwa nyepesi mno. Vidole vilikaa juu ya vibonye. Badala ya dawa hiyo ningeweza kuandika, kwa lugha safi na sababu nzuri, kwamba aje na hesabu zake Alhamisi tuzipitie pamoja. Bosi asingeuliza. Yeye angekuja. Angelipa nauli, angepoteza siku mbili za kazi, angemeza lile vumbi, ili mimi nimtazame akivunja tobolwa.

Niliandika: "Wasomee wenyeviti hesabu kwa simu au uwapitie kabla ya Ijumaa; wakiridhia, tuma takwimu kwa simu kama rasimu. Sahihi zikusanywe Jumapili kama kawaida. Karatasi halisi mpe kondakta wa basi, tutazichukua stendi. Huna haja ya kusafiri." Nikaisoma mara moja. Ilikuwa wazi, ya adabu, isiyo na mwanya wa kuielewa vingine. Nikaituma.

Ripoti ya Ulyankulu ilifika Alhamisi, ya kwanza kati ya zote. Nyingine tatu zikafuata Ijumaa asubuhi. Maombi yakaondoka na vituo vyote vinne ndani. Mizinga ilikuja msimu uliofuata, na naambiwa kule kwake nyuki wameingia bila kubembelezwa, tofauti na hawa wa kwetu wanaoringa.

Tangu hapo hajachelewa. Bahasha yake huja na basi la Jumatatu, naifuata stendi mwenyewe ingawa tuna mtu wa kutumwa. Ndani mna karatasi zilizopangwa vizuri na alama za dole gumba za wazee, basi. Nimemwona mara mbili tu kwenye mikutano ya mwaka, tukiwa watu wengi, na nilimsalimu kama ninavyowasalimu wengine. Namkumbuka hadi inauma, na hasa mwisho wa mwezi.

Ile Alhamisi ya kwanza aliongeza ujumbe mfupi kwenye simu yangu. "Dada, nimesoma ile barua ya bosi. Imeandikwa kiungwana. Nilikuwa nimeshaandika ya kuacha kazi, nimeifuta. Na sasa sina sababu tena ya kuwasumbua mjini kila mwezi."

Nilifuta majibu kadhaa. Moja lilikuwa jepesi mno, jingine lilisema yote. Mwishowe nikamwandikia: "Imepokelewa kwa wakati. Asante."