Koo la Baba Mkwe

Siku tatu nilimtibu baba mkwe wangu bila kumwangalia kooni, na kuangalia koo ndiyo kazi niliyosomea. Wacha niseme hivyo mapema, kabla sijaanza kujitetea, maana mimi nikianza kujitetea huwa sikomi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Kitengela, mume wangu akifundisha shule ya msingi, mimi nikiwa afisa wa kliniki katika kituo kidogo cha afya. Watu waliniita daktari, nami sikuwakatalia. Mzee alikuja kututembelea kutoka kwetu magharibi, akaleta njugu na koo lililokuwa linamuuma tangu safarini.

Kwetu, mke wa mwana na baba mkwe hawazoeani. Simshiki mkono, siketi kiti chake, chakula namwekea mezani kisha natoka. Huko nyumbani kuna maboma mengi na njia za kupishana. Kwenye vyumba viwili vya kupanga, heshima hiyo inakaa kwenye pazia. Yeye alikuwa upande wa sebuleni, mimi upande wa kitanda, na mume wangu ndiye aliyekuwa akipeleka habari huku na huku.

"Anasema koo linauma upande mmoja," mume wangu akaniambia siku ya kwanza.

"Ni tonsili hizo," nikasema. Nikampa vidonge vya amoksilini ampelekee.

Siku ya pili akarudi na habari nyingine. "Baba anasema mdomo haufunguki vizuri."

Na mimi, mwenye cheti ukutani, nikajibu nini? "Mwambie asiwe na wasiwasi, hakuna mtu atamwangalia mdomoni." Nilidhani mzee ananiambia kwa adabu kwamba hataki mke wa mwanawe achungulie kinywa chake. Nikamsifu hata, moyoni. Mgeni yeyote angekuja kituoni na kuniambia mdomo haufunguki, ningeinuka kitini.

Siku ya tatu nilitoka kazini saa saba nikaja kula nyumbani. Mume wangu alikuwa shuleni. Nilipiga hodi, mzee akaitikia, na sauti ile ilinisimamisha mlangoni. Ilikuwa sauti ya mtu aliyetia tonge la ugali moto mdomoni, hawezi kulimeza na hawezi kulitema. Nikafungua pazia.

Alikuwa ameketi ukingoni mwa kochi, ameinama mbele, mikono juu ya magoti, kidevu kimetangulia. Mate yalikuwa yanamtoka yakidondokea kwenye taulo iliyolowa. Vile vidonge vyangu vya jana na vya asubuhi vilikuwa mezani vyote, havijaguswa. Hakuwa amekataa dawa. Hakuweza kumeza.

Woga niliousikia wakati huo sijawahi kuusahau. Nilipiga magoti mbele yake, nikasema, "Baba, nisamehe, fungua mdomo." Akajaribu. Meno yaliachana upana wa kidole kimoja tu, jasho likamtoka. Nikawasha tochi nikapenyeza mpini wa kijiko. Upande wa kulia, juu ya tonsili, nyama ilikuwa imevimba imekuwa nyekundu na kung'aa, na kimio, kile kinyama kinachoning'inia katikati ya koo, kimesukumwa kikaegemea kushoto. Jipu.

Jipu la namna hiyo halisikii vidonge pekee. Usaha lazima utoke. Lakini utoke wapi, na utolewe na nani? Kituoni kwetu hatukuwa na mashine ya kufyonza, wala mtu wa kufungua njia ya hewa shingoni kama koo lingeziba. Nilijua kudunga makalio na mikono. Nyuma ya jipu lile, kwa nje, kunapita mshipa mkubwa wa damu unaokwenda kichwani. Sikuthubutu.

Nilikimbia dukani nikapiga simu hospitali ya Kajiado. Kulikuwa na afisa mwenzangu aliyesomea masikio, pua na koo, mtu mzima, mkali kama pilipili. Aliniuliza maswali matatu bila salamu. "Akivuta pumzi, kuna mluzi?" Hapana. "Shingo imevimba, imekuwa ngumu?" Kidogo chini ya taya, lakini anaigeuza. "Anaweza kulala chali?" Hawezi. "Basi usimlaze. Mlete ameketi. Mluzi ukianza, njia ya hewa inaziba; mwambie dereva asiangalie mashimo."

Jirani yetu, mfanyabiashara wa mbuzi, alikuwa na pikapu. Mtu mwema sana, na wema wake karibu umuue mzee. Alikuwa ameshatandika godoro nyuma. "Mgonjwa alazwe, mama. Huyu mzee amechoka, mwache apumzike."

"Hapana! Akilala anakufa!" Nilimpigia kelele mtu wa umri wa baba yangu, mbele ya watu. "Anaketi mbele, na mimi naketi naye."

Kwa hivyo tukaketi watatu, mimi katikati, bega langu limebanana na la baba mkwe. Toba! Kwetu wangesema nimerogwa. Nilimwomba jirani azime redio. Njia yote ile, Isinya ikapita, tambarare ikapita, mimi nilikuwa nasikiliza pumzi ya mtu mmoja. Kila gari lilipotupita kwa kelele nilishtuka, nikidhani mluzi umeanza. Nilikuwa na wembe wa upasuaji kwenye mkoba, na njia ya hewa shingoni nilikuwa nimeona ikifunguliwa mara moja tu, nikiwa mwanafunzi, nyuma ya watu wengine. Nilimwomba Mungu nisiulizwe swali hilo.

Sikuulizwa. Yule mwenzangu wa Kajiado alikuwa mlangoni mwa hospitali na kiti. Akamgusa mzee shingo yote polepole, akasikiliza kifua, akaangalia kooni kwa kioo chake cha kichwani. "Jipu bado liko mahali pake," akasema. "Lingeshuka shingoni, sindano isingetosha, tungeenda chumba cha upasuaji." Hata hivyo alifungua trei ya kutoboa shingo akaiweka karibu, ikae hapo ikingoja.

Akapuliza dawa ya ganzi. Akachukua sindano nene, akakata mwisho wa kifuniko chake cha plastiki akakirudisha, ncha ndogo tu ikabaki nje, isije ikaingia ndani sana. Muuguzi alikuwa na mashine ya kufyonza. "Wewe shika kichwa," akaniambia.

Nikasimama nyuma ya kiti nikashika kichwa cha baba mkwe wangu kwa mikono miwili, nikakiegemeza kifuani mwangu.

Sindano iliingia pale palipovimba zaidi. Mara ya kwanza haikutoa kitu, nikafumba macho. Mara ya pili bomba la sindano likajaa usaha wa manjano, wenye harufu ya kuangusha mtu. Mzee akatema, akasukutua, akatema tena. Halafu akameza. Nilisikia akimeza, nikaanza kulia bila aibu.

Yule mwenzangu alikuwa anaandika: alazwe wodini, penisilini ya mshipani, aangaliwe pumzi kila saa. Kisha akanigeukia.

"Siku tatu? Na wewe uko kwa nyumba hiyo hiyo? Nani aliangalia hili koo?"



Mzee alijipangusa kidevu. Sauti ilikuwa bado nzito lakini maneno yalisikika vizuri, ya kwanza tangu asubuhi.

"Huyu msichana aliniomba kila siku," akasema. "Mimi ndiyo nilikataa."

Sikuwa nimemwomba hata mara moja. Mwenzangu akatikisa kichwa, akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa alikataa kupimwa. Nilisimama pale nikiwa bado nimeshika kichwa cha mzee, nikamwangalia akiandika mpaka akamaliza, na sikumsahihisha.