Betri Iliyovimba, na Baba Mkwe Mwenye Duka

Phanice, mke wa mwanangu Josiah, ni mtu mpole. Ameishi Kiogoro miaka minane, anachapa kazi za watu kwa laptopu, na kwa hiyo kazi wajukuu wangu wanakula. Sijawahi kumsikia akimpandishia mkwe sauti. Kwetu kuna chinsoni, ile heshima ya mke kutosimama uso kwa uso na baba mkwe, sembuse kubishana naye.

Nyamweya alilijua hilo vizuri. Ni binamu wa marehemu mume wangu, kwa hiyo Phanice humwita baba. Ndiye aliyemuuzia laptopu kwenye duka lake mjini Kisii, kwa waranti ya mwaka mmoja, betri ikiwemo.

Mwaka haujaisha, betri ikavimba. Ile sehemu ya kugusia kwa kidole ikainuka, kifuniko kikakataa kufunga. Phanice akaizima, akaacha kuichaji, akaitoa kwenye chumba cha watoto. Nyamweya alipopigiwa simu akasema Phanice anaichaji usiku kucha, kosa ni lake, na eti Ogoti, fundi wake, ataikandamiza ilale.

Ikandamizwe, kama unga wa chapati!

Kwa kuwa mdomo umefungwa na heshima, Phanice aliandika barua. Akataja nambari ya laptopu, tarehe ya risiti, kisha: "Betri iliyovimba inaweza kushika moto, hasa ikibonyezwa au kutobolewa. Watoto wangu wanalala nyumba hiyohiyo. Sitaki itengenezwe. Naomba nyingine, ndani ya siku saba."

Tulikwenda pamoja. Phanice alibaki mlangoni, macho chini. Mimi ndiye niliyeiweka laptopu juu ya meza na barua na nakala yake kando.

Nyamweya aliisoma, akacheka mbele ya wateja.

"Shemeji, siku hizi wake za watoto wetu wanatuandikia barua kama mawakili? Hana haya huyu?"

Phanice akazidi kuinama. Wateja nao wakamtazama yeye, si laptopu.

Ogoti akachukua bisibisi aifungue. Nyamweya akaruka. "Wee, wacha! Si hapa ndani! Peleka nje, mbali na simu zangu."

"Baba," Phanice akasema, bila kuinua macho, "kama haina hatari, mbona inatolewa nje?"

Mteja mmoja akarudisha chaja aliyokuwa ananunua, akaenda zake. Nyamweya alishusha laptopu mpya kutoka rafu ya juu, akagonga muhuri kwenye nakala ya barua, akavisukuma vyote kwangu mimi kama mtu anayefukuza mbwa.

Jumapili, nje ya kanisa, aliwaambia wazee kwamba mke wa Josiah ameharibika, amemjibu baba mkwe hadharani. Wazee wakatikisa vichwa. Mwanamume aliyekuwa tayari kuwaunguza wajukuu wa ndugu yake, naye ndiye wa kulilia heshima. Aliponinyooshea mkono anisalimie, niliuacha hapohapo hewani.