Nodi ya Tano

Mwalimu wetu wa saketi hapokei jibu la kompyuta lisilolingana na la mkono. Mimi la mkono nilikuwa nalo tangu jana, volti za nodi zote, pale nyaya zinapokutana. Asubuhi ya kuwasilisha, chumbani kwetu Kanyenye, betri ya laptopu ikikaribia kuisha na umeme umekatika, numpy, programu ya hesabu, ilinigomea: matriksi, lile jedwali la milinganyo, haitatuliki. Nikahakiki kila rezista. Nikaandika upya milinganyo yote mitano. Ikagoma tena. Nilitamani kuitupa dirishani ile laptopu, na si yangu.

Mwenzangu wa chumba, akipiga pasi ya mkaa, akauliza, "Dada, sifuri umeiweka wapi?"

Nilitaka kumjibu vibaya. Kisha nikaiona karatasi yangu. Mstari wa kwanza ulisema nodi ya tano ni sifuri, pa kupimia nyingine zote. Niliuandika kama mtu anavyosema shikamoo, bila kufikiri, nikabaki na milinganyo minne; mashine sikuiambia, nikaipa yote mitano. Nikafuta safu na safuwima ya tano. Volti nne zikatokea, sawa na za mkono, skrini ikazima.

Saa nzima nilikuwa naitukana mashine, kumbe sikuwa nimeiamkia.