Bei ya Mkononi

Mimi ni mhasibu, basi mbuzi wetu wa kijijini Kitaya niliwathamini mwenyewe kila mwisho wa mwaka. Sikuangalia tulichotumia kuwafuga. Niliangalia bei ambayo wangeuzwa mnadani siku hiyo, nikatoa nauli ya kuwafikisha, kisha kamisheni ya dalali na ushuru.

Mwaka jana shemeji yangu, ndugu wa marehemu mume wangu na mbia mwenzangu, alitaka kununua sehemu yangu. Tukakubaliana tufuate hesabu ya kufunga mwaka. Alikaa pembeni yangu nilipompigia dalali kuuliza bei, simu ikiwa kwenye spika.

"Hiyo ndiyo bei ya mkononi, mama," dalali akasema.

Nikadhani anamaanisha taslimu, si mkopo. Nikaiandika, nikatoa gharama, nikasaini kumuuzia sehemu yangu.

Miezi michache baadaye nilikwenda mnadani kununua mbuzi wa akika ya mjukuu wangu. Nikamuuliza muuzaji kama bei yake ni ya mkononi. Akacheka.

"Ya mkononi si ya mnunuzi, mama. Ni ile anayobaki nayo mwenye mbuzi, dalali na ushuru vikishatoka."

Kumbe nilitoa gharama zilizokwisha kutolewa, kwa kila mbuzi zizini!

Shemeji anauza mnadani tangu ujana. Neno hilo analijua kama jina lake. Angenyamaza tu, labda ningemsamehe. Lakini siku ile, nilipotaka kujumlisha, aliniinamia akasema kwa upole:

"Ushuru usiusahau, shemeji."